Kitone cha Safu ya Tatu

Kaka yangu na mimi tuligombana muhula mzima juu ya kitone. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya wimbi, kimekaa kando ya nota moja kwenye picha ya karatasi ya muziki, na hata hatukuwa na hakika kama ni kitone kweli au ni uchafu ulioingia kwenye kamera. Watu wengine walikuwa wakigombania mashamba. Sisi tuligombania hicho, na nusura kitutoe roho.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na wapiganaji wa uhuru waliokuwa msituni. Sisi tulizaliwa upande wa Meru, juu karibu na Githongo, lakini tulikuwa tukifundisha katika shule ya misheni upande wa Embu. Yeye alikuwa na darasa la nne na kwaya ya kanisa. Mimi nilipewa watoto wadogo, wale wanaolia mvua ikinyesha. Alikuwa amenitangulia kuzaliwa, na hakuacha nisahau hata siku moja.

Kwetu uimbaji ulikuwa wa solfa. Mwalimu aliandika ubaoni herufi za do, re, mi, akatenganisha mapigo kwa vitone viwili vilivyopandana, na pigo likitakiwa kukatwa nusu kwa nusu aliweka kitone kimoja katikati. Kaka yangu alikuwa bingwa wa mambo hayo. Ungempa ubao mzima wa herufi, akauimba moja kwa moja kama mtu anayesoma kibao cha duka. Nilimwonea wivu, na yeye alijua.

Kisha akaja mwalimu mmoja wa Kizungu, mama mwembamba mwenye kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Aliona solfa yetu ni nzuri lakini ni ya nyumbani tu. Alitaka tujue kusoma muziki wa mistari mitano, unaosomwa kila mahali. Jumamosi mchana, baada ya kazi za bustani, aliwaita walimu wote. Mara ya pili tulibaki wawili, kaka yangu na mimi, kwa sababu hakuna aliyetaka mwenzake ajue jambo asilolijua yeye.

Kwanza alitufundisha ufunguo. Mwanzoni mwa kila mistari mitano kuna alama, alisema, na bila alama hiyo nota hazina majina, ni madoa tu. Ufunguo wa juu umejikunja kama jani changa la malenge, na tumbo lake linazunguka mstari wa pili kutoka chini. Mstari huo ndio G. Ukishaujua huo, unahesabu kwenda juu au kushuka, mstari na nafasi, mstari na nafasi, na kila nota inapata jina. Ufunguo wa chini ni wa sauti nzito, una vitone viwili vinavyoukalia mstari wa nne huku na huku, na mstari huo ni F. Kwa hiyo nota iliyokaa mstari wa katikati juu ni B, na iliyokaa mstari wa katikati chini ni D, ingawa kwa macho ni kitu kimoja. Kaka yangu alikasirika aliposikia hivyo. Alisema huo ni ujanja.

Kilichofuata ni alama zinazokaa baada ya ufunguo. Kwenye wimbo wetu ilikuwa moja, ile inayofanana na b ndogo, inayoitwa flati, nayo imekaa kwenye mstari wa B. Maana yake kila B katika wimbo huo ishushwe nusu ya sauti. Sisi watu wa solfa alitupa njia ya mkato: flati ya mwisho ndiyo fa yako, shuka kutoka hapo, mi, re, do, na utakapofika ndipo nyumbani kwa do. Tulishuka tukafika nafasi ya kwanza kutoka chini, kwenye F. Hapo kaka yangu alitabasamu, maana sasa alikuwa na do yake na angeweza kwenda popote.

Urefu wa nota nao haukuwa mgumu. Nota yenye kichwa cheupe bila mguu ni mapigo manne. Kichwa cheupe chenye mguu ni mawili. Kichwa cheusi chenye mguu ni pigo moja, na ukikitia mkia kinakuwa nusu pigo. Kimya nacho kina alama zake, kwa hiyo mtu hanyamazi kwa kupenda kwake. Vijistari vya kusimama vinakata muziki vyumba vyumba, na kila chumba kinabeba idadi ileile ya mapigo, ambayo huandikwa kwa tarakimu mwanzoni kabisa mwa wimbo, mara moja tu, haisemwi tena.

Tulikuwa hapo tulipopata habari kwamba mama mzazi wa mwalimu huyo ni mgonjwa na lazima arudi kwao. Kitabu chake cha nyimbo, alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe, kilikuwa kimoja tu. Akafungua ukurasa wenye wimbo ambao haukuwa na maneno bado, akauweka juani barazani, akaupiga picha. Fundi wa picha wa mjini akautoa kwenye karatasi ngumu, mdogo kiasi cha kiganja. Kivuli cha kidole gumba cha yule mama kilikuwa kimefunika pembe ya juu ya kushoto, jina la wimbo na mwanzo wa safu ya kwanza, pamoja na zile tarakimu. Alituachia hiyo, akaondoka.

Tulijifunza mengi kwa sababu ya kidole hicho. Ufunguo na flati hurudiwa kila safu, kwa hiyo tulivisoma kwenye safu ya pili. Tarakimu hazirudiwi, kwa hiyo tulihesabu vyumba mpaka tukakuta kila kimoja kina mapigo matatu. Kaka yangu aliandika solfa kwa penseli chini ya safu ya kwanza. Ya pili ikaenda vizuri. Tukafika ya tatu, na kwenye chumba chake cha pili tukakutana na kitone.

Chumba hicho kilikuwa na nota tatu. Ya kwanza nyeusi, kwenye mstari wa nne, ambayo kwetu ni la, na kitone kando yake. Kisha so nyeusi yenye mkia. Kisha mi nyeusi. Mimi nilikumbuka yule mama akisema kwamba kitone kando ya nota kinaiongezea nusu yake, basi la iwe pigo moja na nusu, so nusu, mi moja, jumla tatu. Kaka yangu alisema hapana, kitone kinakata pigo, amekijua tangu utotoni: la nusu, so nusu, mi moja.

"Hayo ni mawili," nikamwambia. "Pigo la tatu liko wapi?"

"Tunapumua," akasema.

"Alama ya kimya iko wapi?"

"Pengine hata si kitone. Ni mavi ya nzi."

"Kama ni mavi ya nzi, basi usikate pigo kwa ajili yake!"

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Safu ile ina alama ya kimya mwishoni, imepinda kama kijiti kilichovunjika, inaonekana wazi. Nilimwonyesha mara ngapi sijui. Angalau mtu anayetaka kunyamaza huandika kwamba ananyamaza, nilimwambia. Akajibu kwamba mimi nimesoma Jumamosi chache na yeye ameimba maisha yake yote, na kwaya ni yake. Kwaya ikafundishwa pumzi yake. Mimi nikawa naimba yangu kwa sauti ya juu katikati yao, na kila mara akaipiga meza.

Shule ilipofungwa tukapewa pasi za kusafiri, zilizotiwa sahihi na mkuu wa misheni, tukapanda basi kwenda nyumbani. Bila pasi, mtu wa kwetu wakati ule hakuvuka hata kijito. Tulifika mto Thuchi, mpakani, tukakuta kizuizi. Wote tukashushwa. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, mikono kichwani.

Askari wa kijiji, wale tuliowaita homgadi, walikuwa wakipekua mizigo. Mkubwa wao alikuwa mtu mzima mwenye koti refu la kijeshi lililomzidi. Akafungua Biblia ya kaka yangu, akaitikisa, picha ikaanguka. Akaiokota akaitazama, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. Kisha akapiga filimbi.

Basi liliondoka bila sisi.

Tulipandishwa kilimani kwenye kituo chao. Kilikuwa na handaki pande zote, na ndani ya handaki miti iliyochongwa ncha, na ubao mmoja wa kuvukia. Ndani kulikuwa na ofisi ya mabati na stoo ya mabati, na lori lililokuwa likipakia watu. Lori hilo lilikuwa la kwenda kambi ya skriningi, ambako mtu aliulizwa na kuulizwa mpaka akakubali jambo ambalo hajalifanya. Tuliwajua waliokwenda. Tuliwajua pia baadhi ya waliorudi, na wengine tulikuwa bado tunawangoja.

Ofisa alikuwa kijana wa Kizungu mwenye ngozi iliyobabuka puani. Aliongea Kiswahili cha mashambani kwao, cha kuamrisha. Akaiweka picha mezani, na yule mkubwa wa homgadi akaanza kumweleza kabla hajaulizwa.

"Bwana, hii ni watu. Hii mistari ni barabara, ama handaki. Hii yenye kichwa nyeusi ni watu yao. Na hii nyeupe..." Akashusha sauti kwa heshima. "Hii nyeupe ni nyinyi, bwana. Angalia, nyeusi ni mingi."

Siku nyingine ningecheka.

"Mimi najua hii ni muziki," ofisa akasema. "Nyumbani kwetu iko piano. Lakini mimi hapana jua kusoma. Na nyinyi pia hapana jua. Watu wa hapa nasoma herufi. Halafu, nani napiga picha ya wimbo? Watu napiga picha ya ramani. Napiga picha ya barua. Na hii herufi ya penseli ni nini? D, M, S. Ni majina ya nani?"

Kaka yangu akamweleza solfa kwa adabu. Ofisa akasikiliza huku akitikisa kichwa. Akasema watu wa msituni wanachukua tuni za kanisa wanatia maneno yao, kila mtu anajua, na mwenye akili anaweza kuficha habari katika madoa haya. Sikumlaumu kwa kusema hivyo, maana kuhusu tuni za kanisa ilikuwa kweli. Nilimlaumu kwa pua yake na kwa lori lake.

Aliweka kidole kwenye nota moja, mstari wa katikati wa mistari ya juu. "Hii ni nani?"

"B, bwana," nikasema, "lakini imeshushwa, kwa sababu ya flati ile mwanzoni."

Akashusha kidole kwenye mistari ya chini, mstari wa katikati vilevile. "Na hii?"

"D."

"Mahali ni moja! Wewe nasema majina mbili."

"Ufunguo si mmoja, bwana. Huu tumbo lake liko kwa mstari wa G. Huu vitone vyake vimekalia F. Hesabu wewe mwenyewe."

Hakuhesabu. Lakini aliangalia funguo hizo kwa muda, kisha akatuangalia sisi, na nikaona wazo linamjia. Lilikuwa wazo la akili kabisa, na ndiyo maana liliniogopesha.

"Kama hii ni wimbo kweli," akaniambia, "watu wawili nasoma sawasawa. Kama ni uongo, kila mtu naimba yake. Wewe kaa nje, mbali. Huyu naimba. Halafu wewe nakuja naimba. Kama ni sawa, nyinyi nakwenda nyumbani. Kama si sawa, huyu napanda lori."

"Safu ipi?" kaka yangu akauliza.

Ofisa akafumba macho akashusha kidole. Kikaangukia safu ya tatu.

Kaka yangu alinitazama. Homgadi akanishika mkono kabla sijasema lolote, akanitoa nje, akanivusha ubao mpaka ng'ambo ya handaki, ambako maji ya mto yalivuma na husikii kitu. Nikasimama pale, mikono kichwani.

Sijawahi kufikiri kwa haraka namna ile. Chumba cha kwanza hakina shaka, do, mi, so, pigo moja moja. Cha tatu na cha nne pia tunakubaliana. Shida ni cha pili. Kama nikiimba kama ilivyoandikwa, la ndefu ya pigo na nusu, na yeye akaimba pumzi yake, hatutakuwa sawa, na lori limeshawashwa. Na kwa nini asiimbe pumzi yake? Ameifundisha kwaya. Ameipigia meza. Nilimjua kaka yangu tangu tukichunga mbuzi: akishasema mbuzi ni mweupe, hata ukimleta mbele yake mweusi tii, atasema ni kivuli.

Niliumia, lazima niseme. Nilikuwa na haki, na nilijua nina haki, na ilibidi niimbe upuuzi mbele ya Mzungu. Lakini mama alikuwa ananingoja Githongo na watoto wake wawili, si na mtoto mmoja na haki yake.

Wakanirudisha. Kaka yangu alikuwa ameshapelekwa stoo. Ofisa akanipa picha, akashika penseli agonge meza kufuata mapigo.

Nikaishika picha kwa mikono miwili. Nikatazama ufunguo. Nikatazama flati, nikashuka, fa, mi, re, do. Nikaanza. Do, mi, so. Kwenye chumba cha pili nikakata: la-so, mi, nikavuta pumzi, pigo zima la pumzi, na nikaendelea. Re ndefu, mi. Do ndefu, kimya.

Penseli ilikuwa imesimama.

"Si sawa," ofisa akasema.

Mkubwa wa homgadi akapiga goti lake. "Nilisema, bwana! Hii watu inatudanganya. Tupakie huyo kijana."

Ofisa akamwashiria kwa kichwa. Homgadi akaanza kwenda mlangoni, na hapo hasira yangu, ambayo imenitia matatani mara nyingi maishani, ikanitoka.

"Ni chumba cha pili!" nikapaza sauti. "Si ndiyo? Hatukutofautiana mahali pengine popote. Ni chumba cha pili, kwenye hicho kitone!"

Ofisa akainua mkono, homgadi akasimama.

"Wewe hapana sikia yeye naimba," ofisa akasema polepole. "Najua namna gani?"

"Kwa sababu tumegombania hapo muhula mzima! Kwa sababu ana kichwa kigumu! Yeye anasema kitone kinakata, mimi nasema kinaongeza, na leo nikasema acha niimbe yake ili tufanane, na yeye..." Nikakwama. Ndipo nilipoelewa. "Yeye ameivuta? Ameivuta ile la?"

Penseli ya ofisa ikagonga meza, moja, na nusu, halafu ile ndogo, halafu moja. Alikuwa ameishika kichwani vizuri sana.

Nilianza kulia, na nilipolia nikazidi kukasirika. Nikaisogeza picha mbele yake bila ruhusa. "Hesabu, bwana. Hesabu unajua. Chagua chumba chochote. Nyeusi ni moja, nyeupe yenye mguu ni mbili, mkia ni nusu, na hiki kijiti kilichopinda ni kimya cha pigo moja. Kila chumba kitatoa tatu. Hiki cha kitone, ukikata kama anavyokata yeye, kinatoa mbili, na kimya hakijaandikwa. Ukiongeza, kinatoa tatu. Habari za msituni zinajipanga tatu tatu hivi?"

Akachagua. Alichagua juu, akachagua chini, akachagua karibu na kivuli cha kidole gumba. Midomo yake ilikuwa ikitembea kama ya watoto wangu wa darasa la kwanza. Tatu. Tatu. Tatu. Mkubwa wa homgadi alikuja akainama naye, akaanza kuhesabu kwa vidole.

Nilidhani imekwisha. Lakini kijana yule aliegemea nyuma akaniangalia. "Hii wewe naweza kufundisha yeye kusema. Kila kitu naweza kupanga," akasema. "Wewe geuka. Angalia ukuta. Ukifungua mdomo, yeye nakwenda."

Nikageukia mabati. Nikasikia mlango wa stoo, kisha miguu ya kaka yangu, nilizijua hatua zake. Ofisa akamwuliza swali moja tu.

"Wewe na dada yako nagombana juu ya nini?"

Kimya kilichofuata hakikuandikwa mahali popote. Nilijua anachofikiri. Anafikiri kwamba mimi nimesema jambo, na hajui ni lipi. Anafikiri kwamba mtu na dada yake wakigombana, mbele ya serikali hawagombani. Jibu la adabu lilikuwa, hatugombani, bwana. Kaka yangu alikuwa mtu wa adabu. Niliuma kidole changu nikakaribia kukitoboa.

"Bwana," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa, "ni aibu kusema. Tunagombana juu ya hiki."

Nikasikia ukucha wake ukigonga karatasi ngumu, mara moja.

Nikasikia droo ikifunguliwa. Kisha nikasikia muhuri ukipigwa kwenye wino, na ukipigwa tena kwenye kitu kingine. Nilipogeuka, ofisa alikuwa amempa kaka yangu picha. Nyuma yake alikuwa ameandika MUZIKI na kutia muhuri juu yake, ili vizuizi vya mbele visitusumbue. Akatwambia twende haraka, saa ya kutotembea imekaribia. Mkubwa wa homgadi alitufuata mpaka kwenye ubao, na hapo akamwuliza kaka yangu kwa unyenyekevu kama kweli nyeupe haikuwa Wazungu.

Lori liliondoka kabla yetu. Lilitupita barabarani likiwa na watu, na hatukuweza kuwatazama usoni.

Tulitembea kuelekea Chuka, ambako kulikuwa na mwalimu wa misheni wa kutulaza. Vumbi la lori lilikuwa bado hewani. Kaka yangu alikuwa mbele, mimi nyuma, kama tulivyozoea. Mwishowe nikashindwa kuvumilia.

"Kwa nini uliimba yangu?"

Hakugeuka. "Kwa sababu wewe hujawahi kukubali kushindwa tangu uzaliwe. Nilijua utaimba yako hata wakikunyonga. Nikasema basi, niiimbe mimi."

"Mimi niliimba yako."

Akasimama katikati ya barabara. Akanitazama, akatazama Biblia mkononi mwake ambamo picha ilikuwa, akanitazama tena. Akaketi kwenye ukingo wa barabara, kwenye nyasi.

"Kumbe tungeuana," akasema.

Nikaketi kando yake. Tulicheka mpaka tukalia, au tulilia mpaka tukacheka, sikumbuki kilichotangulia. Kisha tukainuka kwa sababu jua lilikuwa linashuka na pasi zetu hazikuwa za usiku.

Hakuwahi kukiri kwa mdomo kwamba nilikuwa na haki. Lakini tuliporudi shuleni aliifundisha kwaya upya, bila kueleza, na kila tulipofika kwenye chumba kile mkono wake ulipanda ukabaki juu, ukaishika ile la mpaka nusu yake ikatimia, na jicho lake lilikuwa kwangu. Wimbo ulipata maneno ya Kimeru, akayatunga yeye. Serikali zikabadilika, vituo vikavunjwa, mahandaki yakafukiwa, akazeeka, mkono ukaanza kutetemeka, lakini hapo ulisimama.

Tulipomzika, wanafunzi wake wa zamani, wazee sasa, waliimba wimbo huo kando ya kaburi. Niliimba nao. Safu ya kwanza nikaiweza, na ya pili. Kwenye safu ya tatu, chumba cha pili, wote waliivuta la kama alivyowafundisha, pigo moja na nusu. Mimi pumzi ilinikatikia kwenye pigo la tatu, palepale alipokuwa akitaka zamani tupumue.